Kilo, Kipande na Mbasela

Yapo mambo mawili ninayoyafanya vizuri kuliko watu wengi: kupiga pasi na kukasirika. Pasi nilifundishwa na mama yangu Bukavu, ile ya makaa, ambayo ukizubaa kidogo inakuachia alama nyeusi kwenye shati la watu. Hasira nilizaliwa nayo. Nilipofika Brussels kama mkimbizi, pasi ndiyo iliyonilisha. Nilikaa miaka tisa katika chumba cha chini cha hoteli moja nikinyoosha mashati ya watu ambao sikuwahi kuwaona nyuso, hadi wazee wawili Wabelgiji waliokuwa na duka la kufulia nguo mtaa wa Etterbeek walipochoka na kutafuta mtu wa kuwapokea. Nikalichukua mimi. Siku ya kwanza nilifungua mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe, nikasimama katikati ya zile mashine nne kama waziri.

Wazee wale waliniachia pia bei zao, zilizoandikwa kwenye ubao kwa chaki: shati euro tatu na nusu, suruali sita, taulo mbili, shuka nne, na kuendelea mpaka soksi. Walihesabu kila kipande. Mimi nikafuata hivyo hivyo kwa miaka mitatu. Wafanyakazi wa maofisi ya Umoja wa Ulaya waliniletea mashati yao Jumatatu, wakayachukua Ijumaa, na kila shati lilinipa faida nzuri kwa sababu lililipiwa dakika zake za pasi. Lakini mashine zangu zilizunguka nusu tupu. Hakuna mtu atakayelipa euro mbili kwa taulo moja wakati anazo kumi. Taulo, soksi na nguo za watoto zilibaki makwao. Kuna alasiri nilizokaa nikitazama mashine mbili zimenyamaza, nami ninalipia pango la chumba kizima, si la nusu yake.

Ndipo mitaa miwili kutoka kwangu likafunguliwa duka jipya, na dirishani wameandika: kwa kilo. Wateja wangu wakaanza kuniuliza na mimi kilo yangu ni bei gani. Niliona wivu, nisifiche. Nikanunua mizani nzuri, yenye muhuri wa ukaguzi, nikafuta ubao wa wazee na kuandika: kilo moja, euro sita, imefuliwa, imekaushwa, imepigwa pasi, imekunjwa.

Hapo kwenye neno pasi ndipo nilipojichimbia shimo. Duka la wenzangu kilo yao iliishia kwenye kukunja. Nguo ilitoka kwenye mashine ya kukausha, ikakunjwa, ikaingia mfukoni, basi. Mimi nilijua hilo. Nilienda kuchungulia, nikaona, nikasikitika. Nguo itoke mlangoni kwangu ikiwa imekunjamana? Watu wa Kivu waseme nini? Nikaweka pasi ndani ya kilo kwa ajili ya heshima yangu tu.

Na juu ya hilo nikaongeza mbasela. Kwetu, ukinunua maharagwe sokoni, muuzaji akishakupimia anaongeza konzi moja juu, na hiyo ndiyo mbasela. Mtu asiyetoa mbasela hata akiuza dhahabu ataitwa mchoyo. Kwa hiyo mfuko ukipima kilo nane na gramu mia sita, mimi nilisema nane. Mteja akitabasamu, nami nikifurahi, namshonea na kifungo kilichokatika. Habari zikaenda kanisani, zikaenda Matonge, mtaa wetu Wakongo, zikafika mpaka Ganshoren. Mashine zote nne zikazunguka kutwa. Watu walipanga foleni hadi kwenye ngazi. Chema chajiuza, nilisema moyoni, nikavimba kichwa.

Mwaka wa tatu wa kilo, mhasibu wangu, Mbelgiji mpole anayezungumza taratibu kama anayeongea na mgonjwa, alinieleza kwamba nafanya kazi mara mbili ya zamani na kubakiwa na nusu. Nilimwambia ahesabu tena. Akahesabu tena. Akanikumbusha kwamba mkataba wa nyumba za biashara hapa ni wa miaka tisa, lakini mpangaji anaweza kujitoa kila miaka mitatu, mradi atume barua ya rejista miezi sita kabla. Miaka yangu sita ilikuwa inatimia mwisho wa Desemba. Kama nataka kufunga duka bila kufungwa na mkataba kwa miaka mitatu mingine, barua iondoke kabla ya Juni kwisha. Akaniandikia barua yenyewe, nikaitia kwenye droo ya vifungo. Kila nilipotafuta kifungo, niliiona.

Msimu ule ule mume wangu alikuwa amekosa kazi. Alifanya zaidi ya miaka kumi katika kiwanda cha magari kule Forest, na kiwanda kilipofungwa, mioyo ya watu wake ilifungwa nacho. Alikuwa mtu wa kupima muda. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mafundi na kujua mlango unafungwa kwa sekunde ngapi, kiti kinaingia kwa sekunde ngapi, na nani anapoteza nguvu bure. Sasa Jumapili watu wakimuuliza anafanya wapi, alitazama viatu vyake na kusema ataona. Mimi nilikuwa nageuka kando. Kumwona mume wangu akitazama viatu kuliniuma kuliko barua ya kwenye droo. Nyumbani tulikuwa tumekubaliana kwamba duka likishindwa kutubeba wote wawili, yeye ataenda Ujerumani kwa binamu yake kupakia malori, na atakuwa anarudi mara moja kwa mwezi.

Alianza kuja dukani kwa kukosa pa kwenda. Wiki ya kwanza alifungulia watu mlango. Wiki ya pili alisimama karibu na mizani, mikono nyuma, kama alivyosimama kiwandani. Nilijua litakuja jambo. Mteja mmoja alipotoka, akanigeukia.

"Mama batoto, ile ilikuwa huit kilos six cents, nane na mia sita. Juu ya nini umemuambia nane?"

Nikamjibu kwamba ni mbasela, au amesahau alikozaliwa.

"Mbasela ni ku maharagwe," akasema. "Hapa unatoa mara mbili. Ku mizani, halafu tena ku pasi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilisema yeye aliunda magari, mimi nafua nguo za watu, na nguo hazifungwi kwa bisibisi. Kesho yake alikuja na daftari la shule la mtoto wetu na simu yake yenye saa ya kuhesabu, akaketi kando ya meza yangu ya pasi. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilianza kujionyesha, nikapiga shati haraka kuliko kawaida ili aone, naye akaandika vile vile. Mchana nikagundua kwamba ananiandikia wastani, si zile sekunde zangu za majivuno.

Alipima wiki mbili. Kila mfuko alipima uzito, akaandika kilichokuwamo, na dakika ambazo mikono yangu iliugusa. Kisha akaomba vishina vya risiti za miaka ya vipande, ambavyo mimi huhifadhi kwenye sanduku la viatu kwa sababu mama yangu alituambia mali bila daftari huisha bila habari. Alivisoma kimoja kimoja. Jumamosi jioni, tulipofunga, aliweka mifuko miwili mezani. Kila mmoja ulikuwa kilo tano kamili. Mmoja ulikuwa wa taulo, kumi. Wa pili ulikuwa wa mashati, ishirini.

Akaniuliza upi ni mzito zaidi. Nikamwambia asinichezee, ni sawa. Akasema ndiyo, ni sawa, na kila mmoja unalipa euro thelathini. Lakini ule wa taulo mikono yangu huugusa dakika ishirini tu, kupakia, kupakua na kukunja. Ule wa mashati, kila shati dakika saba za pasi, mara ishirini, ni zaidi ya saa mbili na nusu ukiongeza kufua. Kwa bei za zamani za wazee, taulo zile zingeleta euro ishirini na mashati yangeleta sabini.

Niliketi. Nilikuwa nimesimama kutwa na sikuwa nimeketi.

"Haijaisha," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole sasa. "Angalia kwenye daftari. Taulo ni chache sana. Ule mfuko wa taulo mimi nimeutafuta wiki nzima. Batu banajua kuhesabu, mama. Byenye buzito banafua ku nyumba yabo. Kwako banaleta mashati, na ma-chemisiers ya soie, zile blauzi ya hariri, na makoti ya plumes, ya manyoya. Mizani yako iko inaita byepesi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nikifikiri bei ni jambo ninaloandika mimi ukutani, kumbe bei ndiyo inayochagua nguo zitakazoingia mlangoni. Nilipohesabu kwa kipande, nililipwa kwa jasho langu lakini mashine zikalala. Nilipohesabu kwa kilo, mashine ziliamka na mimi nikalala njaa. Mfarishi mnene wa baridi una kilo mbili na nusu, kwa hiyo ulilipa euro kumi na tano, lakini ukiuingiza kwenye mashine ya kilo kumi hakuna nafasi hata ya leso. Mizani haioni ukubwa wala haioni marinda. Haijui kwamba hariri inataka pasi ya chini na subira.

Nilimwuliza sasa tufanye nini. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza daktari, na tangu tuoane sikuwahi kumwuliza hivyo. Tulikaa mpaka tukakubaliana: kinachofanywa na mashine kiende kwa kilo, kinachofanywa na mkono kiende kwa kipande. Kilo iwe euro tatu na nusu, kufua, kukausha, kukunja, bila pasi, na mfuko usipungue kilo nne, maana mashine yenye kilo mbili inakula maji na umeme karibu sawa na iliyojaa. Mashati, magauni, hariri, vitenge vya kushonwa, hivyo kwa kipande. Mifarishi na makoti ya manyoya, kipande pia, kwa sababu vinakodi mashine nzima. Na gramu zisemwe zote. Hapo kwenye gramu niliugua kidogo.

Ubao mpya tuliuandika mwanzo wa Mei. Wiki ya kwanza walikuja wanafunzi wasio na mashine kwenye vyumba vyao, na familia zenye watoto wadogo, na mifuko ya taulo na shuka na jinzi, mizito hadi mabega yanainama. Nilitaka kuwabusu. Lakini baadhi ya watu wa mashati walikwenda zao, na mmoja alinitazama kama niliyemwibia. Kuondoka kwa hao nilikuvumilia. Niliyemwogopa alikuwa mmoja: kiongozi wa kwaya yetu.

Mama huyu ni mkubwa kwangu kwa umri, wa kutoka Uvira, anatunza wazee katika nyumba ya wazee kule Ganshoren. Kila sikukuu huniletea sare za kwaya, ishirini na mbili, kitenge kimoja, mikono ya puto, marinda kiunoni, kila moja inataka wanga. Kwa kilo zilikuwa kumi na tatu na kitu. Nilikuwa nasema kumi na tatu, analipa euro sabini na nane, na mimi naimaliza siku nzima nimeinama, kisha namsindikiza hadi kwenye tramu kwa shukrani. Alipoingia kabla ya Pentekoste na mifuko yake minne, niliiacha pasi nikaenda kumpokea mlangoni. Yeye akisema neno kanisani, duka lingepungua robo. Akiniunga mkono, labda tungepona.

Akaweka mifuko kwenye mizani mwenyewe, kwa mazoea. Nikamwambia, kwa heshima zote nilizofundishwa, kwamba sare sasa ni euro tisa kila moja. Akapiga hesabu kimya. Nilimwona akifika mia moja tisini na nane, na uso wake ukakunjika.

"Binti yangu," akasema, "tumekukosea wapi?"

Lile neno binti lilinimaliza. Nusura niseme basi, maman, leo acha tu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mume wangu akaja kutoka nyuma, akamsalimia kwa kuinama, akamletea kiti karibu na meza ya pasi, akamwekea simu yake mkononi.

"Maman, tunakuomba kitu kimoja. Apige pasi robe moja, na wewe uhesabu dakika. Ukiona ni nyingi, utalipa ile ya zamani."

Nilikuwa na sare moja ya mwaka jana ya kuonyeshea, niliyokuwa nimeifua asubuhi ile, bado na unyevu kidogo. Nikaipaka wanga. Sikuharakisha wala sikujikawiza. Nilianza na kola, nikaingia kwenye mikono ya puto na ule mto mdogo niliotengeneza mwenyewe wa kuingiza ndani ili puto lisimame, nikageuza, nikapanga marinda kwa kidole moja baada ya jingine, nikayabana, nikayapiga. Mvuke ulipanda. Nilisahau kwamba napimwa. Mama yangu aliniambia kitenge kilichopigwa vizuri kinajisimamia bila mtu ndani, na nilipokiinua, kilijisimamia.

Kiongozi wa kwaya akatazama simu.

"Dix-neuf minutes," akasema. Akatazama mifuko yake minne. Yule ni mtu anayelipwa kwa saa, anayejua kumgeuza mzee kitandani ni dakika ngapi na kumlisha ni dakika ngapi, na hakuna aliyehitaji kumfanyia ile hesabu nyingine. Ishirini na mbili mara kumi na tisa. Karibu saa saba za pasi, bila kufua.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "ulikuwa unatubeba mu mugongo, na hukusema?"

Nilisema nilikuwa natoa mbasela.

"Ile haikuwa mbasela. Mbasela ni ya juu. Wewe ulikuwa unatupatia kitunga kizima."

Akalipa. Alifungua kibeti akalipa zote, na akaniomba risiti ili kwaya ione. Nililia alipoondoka, na sioni haya kusema hivyo. Sikulia kwa sababu ya pesa. Hakuna mtu tangu Bukavu aliyewahi kuketi na kuitazama kazi yangu toka mwanzo hadi mwisho.

Jumapili ya Pentekoste tulikaa benchi la nyuma. Kwaya iliingia, sare ishirini na mbili zikitembea pamoja, na hakuna hata rinda moja lililolala. Watu walisikiliza nyimbo. Mimi niliangalia viuno. Mume wangu aliniinamia akaninong'oneza kwamba naimba na macho, nikamkanyaga mguu.

Juni ilipita tukiwa na kazi. Nasema ilipita, kwa sababu siku ya mwisho ya kutuma ile barua sikuikumbuka. Ilikuwa siku ya mifuko mingi ya kilo, na mashati arobaini ya vipande, na joto. Mapema Julai nilifungua droo kutafuta kifungo cheusi, nikaiona bahasha, nikaangalia kalenda, nikamwita. Tulisimama tukiitazama. Miaka mitatu mingine ilikuwa imeshakuwa yetu bila sisi kuamua. Mhasibu alikuwa ameshasema wiki ile, kwa sauti yake ya hospitali, kwamba miezi miwili ile ilikuwa mizuri kuliko yoyote tangu nichukue duka, na wawili tunaweza kula hapo. Binamu wa Ujerumani tulimwandikia kumshukuru.

Nilimwuliza mume wangu kuhusu mbasela, maana lilikuwa bado linanichoma. Nilisema mtu akitoka kwangu na gramu zake zote zimelipiwa, anatoka kama ametoka benki. Akanifungulia lile daftari la shule, ukurasa wa mwisho. Kando ya shati dakika saba na sare dakika kumi na tisa, alikuwa ameandika tangu Mei: kifungo, mbasela, dakika mbili. Alikuwa ameiingiza kwenye bei ya kila kipande tangu siku ya ubao mpya, na hakuniambia.

Sasa vifungo anashona yeye. Ana vidole vinene vya mtu wa kiwanda, lakini kifungo alichokishona hakikatiki tena. Wiki iliyopita aliingia papa mmoja, mzee wa Bujumbura, mteja mpya, akapokea mashati yake, akaona kifungo kilichokuwa kimekatika kimeshonwa, akashangaa, akaambiwa kwamba hiyo ni ya juu. Yule papa, kwa mazungumzo tu, akamwuliza anafanya wapi. Mimi nilikuwa nyuma na pasi mkononi. Nikaiweka chini nisikilize.

Mume wangu hakutazama viatu. Alitazama mashine, zote nne zikizunguka.

"Hapa," akasema. "Niko nafanya kwa bibi yangu."